Ganda lilipokatwa: jinsi risasi fupi ilivyozaa SMG

(Haya niliyaongea Tanga mbele ya wapenzi wa historia, vijana wengi na wazee wachache. Nimeyachapa kutoka kwenye rekodi ya simu, nimepunguza kukohoa tu.)

Wazee wangu shikamooni, vijana habari za jioni. Nimeambiwa nina saa moja, na mimi ukinipa saa moja niongelee silaha nitakula mbili, kwa hiyo yule kijana mwenye saa mkononi anipungie mkono muda ukifika.

Nimekuja na vitu vitatu kwenye leso hii. Msiogope, ni risasi za kufundishia, zimetobolewa ubavuni, ndani hamna baruti wala fataki, ni chuma na shaba tu. Nimefanya kazi ya ghala na ufundi wa silaha zaidi ya miaka 20 na hizi ndo nilizobaki nazo. Zipitisheni mkono kwa mkono, mzishike, mzilinganishe, halafu zirudi. Zimetoka tatu, zirudi tatu, tunaelewana?

Kabla hatujafika mbali tuelewane maneno. Mimi nikisema risasi namaanisha mzigo mzima: ganda, fataki nyuma, baruti ndani, na kichwa mbele. Kinachoruka kwenda kwa adui ni kichwa peke yake, ganda linabaki kwako na linatupwa pembeni. Hilo mlikumbuke maana leo karibu yote nitakayosema yanahusu urefu wa ganda.

Hapa Tanzania ukisikiliza taarifa ya habari utasikia jambazi kakamatwa na bunduki aina ya SMG, na mara nyingine utasikia SAR. SMG tunayoisema hapa ni ile familia ya AK, ya Kirusi au ya Kichina, na SAR ni ile ndefu ya mbao ya Simonov, ambayo Wazungu wanaiita SKS. Sasa ukimwambia mtaalamu wa Ulaya kwamba AK ni SMG atakucheka, maana kwake hilo jina ni la bunduki ndogo inayotumia risasi ya bastola. Lakini sisi hatukulitoa hewani. Wachina wenyewe ile AK yao, Type 56, kwenye vitabu vyao wameiandikisha kwa jina hilohilo la bunduki ndogo ya rashasha, na ile SKS yao, ambayo nayo inaitwa Type 56, wameiandikisha kama bunduki ya kujijaza yenyewe. Na mtaona mbele kidogo kwamba hata Wajerumani, waliokuwa wa kwanza kuitengeneza hii aina, nao waliipa jina hilohilo. Kwa hiyo tusioneane aibu, hii bunduki tangu izaliwe jina lake linasumbua, kwa sababu iko katikati ya vitu viwili.

Sasa tuanze hapahapa Tanga, Novemba 1914. Askari wa Mjerumani wengi waliopigana hapa na Waingereza waliotoka India walikuwa na bunduki za Mauser za mwaka 1871, kipenyo cha milimita 11, baruti nyeusi. Baruti nyeusi ukifyatua mara moja linatoka wingu la moshi mbele yako, adui anajua umelala nyuma ya mnazi gani. Waingereza walikuwa na bunduki ya 303, ambayo baruti yake haina moshi. Mjerumani alishinda hata hivyo, na akaokota mamia ya bunduki mpya za Mwingereza, na wale askari walifurahia sana kuachana na zile za moshi.

Hiyo baruti isiyo na moshi Wafaransa ndo walioanza nayo, bunduki yao ya Lebel ya 1886, na ikabadilisha kila kitu. Ina nguvu kubwa kwa ujazo mdogo, kwa hiyo kichwa kinakuwa chembamba na kinakimbia kwelikweli, kinafika mbali mno. Majeshi yote yakaingiwa na wazimu wa mbali. Wakawa wanafundisha kikosi kizima kifyatue kwa pamoja kwenye kundi la adui lililoko kilometa moja na nusu, mbili, hata humuoni mtu mmoja mmoja, unamwaga tu risasi kama mvua kwenye eneo. Ndo maana zile risasi zilikuwa kubwa hivyo. Hiyo ndefu mnayoipitisha ni 303, ganda peke yake milimita 56, na nzima ina kama gramu 25. Ya Mjerumani, 7.92 kwa 57, yaani kipenyo kwa urefu wa ganda kwa milimita, ilikuwa nzito zaidi kidogo.

Kuna kitu kidogo kinachoonyesha huo wazimu vizuri kuliko maelezo. Bunduki ya Mjerumani ya 1898, ile Gewehr 98 aliyoingia nayo vita vya kwanza, ukiishusha saiti yake mpaka chini kabisa inasoma mita 400. Chini ya hapo hamna. Juu inaenda mpaka 2000. Sasa huyo mtu yuko kwenye handaki, adui yuko handaki la pili, mita 80 au 100, anamuona mpaka kofia, na bunduki yake imeundwa ikiamini adui hawezi kuwa karibu kuliko mita 400. Akilenga kichwa, risasi inapita juu. Inabidi alenge kiunoni au magotini ili apige kifuani, na mtu aliye handakini magoti yake huyaoni.

(Kicheko.)

Mnacheka lakini waliokufa kwa sababu hiyo ni wengi. Na babu zetu wa KAR, lile jeshi la Mwingereza la Waafrika wa huku kwetu, waliopelekwa Burma 1944 na hizo 303 walikuta jambo lilelile, msituni unamuona Mjapani akiwa mita 20 au 30, na wewe umebeba begani kitu cha kumpiga mtu aliyeko upande wa pili wa bonde.

Kwa ule umbali wa karibu dawa ilikuwepo, nayo ndo zile bunduki ndogo za rashasha zinazotumia risasi ya bastola. Mrusi alikuwa na PPSh, ile yenye magazini ya duara kama kopo la rangi. Chumbani, kwenye handaki, kwenye kona ya mtaa, hamna kama hiyo. Lakini ikivuka mita 150 hivi kichwa cha bastola kimechoka, kinaanguka, unarusha mawe tu. Kwa hiyo kikosi kimoja kina watu wa aina mbili: wenye bunduki ndefu zinazofika mbali kupita haja na zinafyatua moja moja, na wenye rashasha zinazomwaga lakini hazifiki. Na mapigano mengi ya askari wa miguu yako wapi? Yako katikati, kati ya hizo mita 150 na mita 300 au 400. Hapo hamna aliyetengenezewa kitu.

Wajerumani waliliona hili tangu baada ya vita vya kwanza, na mwaka 1938 jeshi lao likaipa kiwanda cha Polte cha Magdeburg kazi ya kutengeneza risasi ya katikati. Na hapa ndo pana akili ambayo mimi kama mtu wa ghala naipenda sana. Wangeweza kuanza upya, kipenyo kipya, kila kitu kipya, na wahandisi wengine walitaka kipenyo chembamba zaidi. Lakini viwanda vyao vyote vya mitutu na vichwa vilikuwa na mashine za 7.92. Wakasema kipenyo kibaki kilekile, ganda ndo tulikate. Kutoka milimita 57 likawa 33. Ganda likiwa fupi, baruti inaingia kidogo, na kichwa nacho wakakipunguza kutoka kama gramu 13 mpaka 8. Nguvu ya kichwa kikitoka mdomoni mwa mtutu ikashuka kutoka karibu jouli 3,700 mpaka kama 1,900. Yaani nusu.

Sasa mtu atauliza, jeshi gani linapunguza nguvu ya risasi yake kwa nusu wakati wa vita? Na ndo alichouliza Hitler. Bunduki ya kwanza ya risasi hiyo aliichora Hugo Schmeisser kwenye kiwanda cha Haenel pale Suhl, ikafika kwa askari mwaka 1942, na Hitler hakuitaka, alitaka bunduki za kawaida ziendelee na alijua ana risasi ndefu nyingi sana ghalani. Maafisa wakafanya ujanja ambao hata huku kwetu tunaujua, wakabadilisha jina kwenye makaratasi. Badala ya bunduki mpya wakaiandika MP 43, bunduki ndogo ya rashasha, kwa sababu bunduki ndogo hazikukatazwa. SMG, mnaona? Ikaendelea kutengenezwa kwa jina la uongo mpaka wakubwa wa uwanja wa vita Urusi wakawa wanaililia, ndipo akakubali, na 1944 ikapewa jina la Sturmgewehr, bunduki ya kushambulia, StG 44. Hilo jina ndo dunia nzima ikalitafsiri mpaka leo. Zilitoka kama laki nne na kitu hivi, chache sana kwa vita ile, na ilishachelewa.

Mrusi naye hakulala. Aliteka hizo za Mjerumani, na Julai 1943 wakakaa kikao Moscow wakaziweka mezani, na kabla mwaka haujaisha wataalamu wao Yelizarov na Semin wakawa na risasi yao, ambayo baadaye ikatulia kwenye 7.62 kwa 39. Akili ileile: kipenyo cha zamani, ganda limekatwa. Hiyo ya pili mnayoishika ndo yenyewe. Nani anayo? Mama, unaweza kuisimamisha pembeni ya ile ndefu? Asante. Tazameni sasa, hiyo ya SMG nzima, na kichwa chake, urefu wake ni sawasawa na ganda tupu la 303. Milimita 56 kwa 56.

Angalieni tena, izungusheni kidoleni. Mnasikia ganda linavyopungua kutoka kitakoni kwenda shingoni? Lina mteremko kama glasi ya chai. Hiyo siyo urembo. Likishafyatuliwa ganda linapanuka na kubana kwenye ukuta wa chemba, pale nyuma ya mtutu linapolala, na inabidi bolti ilichomoe kwa haraka. Ganda lenye mteremko likisogea nyuma nywele moja tu limeshaachia ukuta mzima, lakini lililonyooka kama bomba linasugua njia yote. Ndo sababu mojawapo ya AK kufanya kazi ikiwa na vumbi na uchafu. Na ukipanga vitu vyenye mteremko mmoja juu ya mwingine, vinataka kupinda vyenyewe, jaribu kulaza vikombe vya plastiki ubavu uvipange. Ile magazini ya AK iliyopinda kama ndizi, watu wanadhani ni mtindo, ni lile ganda ndo limeipinda.

Kalashnikov mwenyewe alikuwa sajenti wa vifaru aliyejeruhiwa 1941, habari zake mnazijua. Ninachotaka mshike ni mpangilio wa miaka: risasi 1943, bunduki ya Simonov na bombomu nyepesi ya Degtyarev zote za risasi hiyohiyo, mashindano ya bunduki 1946 na 1947, AK kupokelewa jeshini 1949. Risasi ilitangulia bunduki miaka 6. Watu wanamsifia Kalashnikov, na anastahili, lakini alipokaa kuchora, kazi ngumu kuliko zote ilishafanywa na watu wawili ambao hamna hata fulana yenye picha zao.

Kijana pale nyuma ananiuliza, mzee, kwani kupunguza nguvu kunasaidia nini hasa? Swali zuri, na hapa nitakaa kidogo maana ndo moyo wa habari yenyewe.

Tuchukue bunduki mbili. AK na FN, ile FAL ya Mbelgiji. Zote milimita 7.62, zote uzito wake unazunguka kilo 4, FN imezidi kidogo. Tofauti ni ganda: la AK milimita 39, la FN 51. Sasa kila kitu kinachotoka mbele kinakusukuma nyuma, kichwa na gesi ya baruti pia. Kichwa cha AK ni gramu kama 8 na kinatoka mita 715 kwa sekunde. Cha FN ni gramu 9 na nusu, mita 840 kwa sekunde, na baruti ya nyuma yake inakaribia mara mbili. Ukipiga hesabu, teke moja la AK ni kama nyutoni-sekunde 7 na nusu, la FN ni kama 11 na nusu. Ukifyatua moja moja hiyo tofauti unaivumilia, bega linalalamika kidogo basi.

Lakini weka rashasha. AK inatoa 10 kwa sekunde. Kwa hiyo mateke 10 kila sekunde, ukiyaunganisha ni kama mtu anakusukuma bega kwa uzito wa kilo 7 na nusu bila kuachia. Mtu mzima ukiegemea mbele unaweza kusimama nayo. FN inatoa karibu 11 kwa sekunde, na kila teke ni kubwa, unapata karibu kilo 13. Na huo msukumo hauji katikati ya bega, mtutu uko juu ya kitako, kwa hiyo unakusukuma nyuma na unainua mdomo juu kwa wakati mmoja. Yaani kabla hujarudisha mdomo chini risasi nyingine imeshatoka.

Mimi nimefanya hilo kosa. Nilikuwa kijana, uwanja wa shabaha fulani, mkufunzi akatuonyesha FN akasema nani mwanaume, nikaruka mimi. Shabaha mita 50, nikaweka rashasha, nikabana. Ya kwanza tumboni. Ya pili begani kulia. Ya tatu na zilizobaki zilikwenda kwa Mungu, mkufunzi akanishika mabega kwa nyuma nisianguke. Kwenye karatasi matundu mawili, na magazini ilikuwa na risasi 20. Baadaye nikachukua SMG, mita hizohizo, nikabana tatu tatu kama nilivyofundishwa, matundu yakajaa kifuani, mengine ubavuni, machache nje. Mtu yuleyule, mikono ileile.

Sasa kichekesho ni hiki. Hiyo FN yenyewe haikuzaliwa na risasi ndefu. Mbunifu wake, Saive, ya kwanza kabisa aliitengeneza kwa risasi ya Mjerumani iliyokatwa, ile Kurz ya milimita 33. Halafu akaigeuza kwa risasi ya Mwingereza, kipenyo cha milimita 7, ambayo nayo ilikuwa ya katikati, nzuri tu. Waingereza walishatengeneza na bunduki yao ya ajabu ya risasi hiyo, EM-2, na 1951 serikali ya Leba ikatangaza kuipokea. Lakini Mmarekani alikuwa na Kanali Studler kwenye idara ya silaha, na huyo hakutaka kusikia kitu chini ya nguvu ya risasi yake ya zamani. Wamarekani wakakata ganda lao kidogo tu, nguvu ileile kwa baruti bora, wakaiita ndogo. Churchill aliporudi madarakani mwisho wa 1951 akaona kugombana na Mmarekani kwa ajili ya risasi hakulipi, EM-2 ikafa. NATO nzima ikabeba 7.62 kwa 51, na FN ikabidi inenepeshwe iibebe.

Na G3, ambayo ndugu zetu Wakenya wameibeba miaka na miaka, jeshi na polisi, hadithi yake ni hiyohiyo. Ule mfumo wake wa magurudumu madogo kwenye bolti ulichorwa kiwandani kwa Mauser mwisho wa vita kwa ajili ya risasi fupi, wahandisi wakahamia Hispania, kisha ukarudi Ujerumani, na njiani ukavishwa risasi ndefu. Kwa hiyo upande wa Magharibi walikuwa na watoto wawili wazuri waliotungwa mimba kwa risasi ya kati, wakawalazimisha kubeba mzigo wa baba.

Matokeo? Waingereza, Wakanada na Waaustralia walipoipokea FN waliondoa rashasha, wakabaki na moja moja tu. Wamarekani nao M14 yao ya 1957, nyingi walizifunga swichi ya rashasha kwa sababu haishikiki. Yaani wamelipa gharama ya bunduki ya kisasa, wakabaki na bunduki ya zamani inayojijaza yenyewe. Na 1952, kabla hata hawajaipokea M14, mtafiti wao wenyewe Norman Hitchman alishawaandikia ripoti kwamba bunduki za askari wa miguu zinafaa kazi ndani ya yadi 300, na zaidi ya hapo hazipigi kitu cha maana. Waliisoma, wakaiweka kabatini.

Vietnam ndo ikaifungua hiyo kabati. M14 ikakutana na AK msituni, na Mmarekani akarukia upande wa pili kabisa, akachukua AR-15 ya Eugene Stoner, risasi 5.56 kwa 45, hiyo ya tatu mnayoishika. Nyepesi eh? Gramu 12. Hapa hawakukata ganda tu, walipunguza na kipenyo, kichwa kina gramu 3 na nusu lakini kinakimbia karibu mita 990 kwa sekunde, kwa hiyo njia yake imenyooka kuliko ya AK. Mpe askari kilo 5 za risasi tupu bila magazini: za 303 atabeba 200, za AK kama 300, za hizi zaidi ya 400. Mtu anayetembea siku 4 bila kuletewa mzigo, hiyo hesabu inamgusa kuliko hesabu ya nguvu.

Ila walivyoipeleka, aibu. Bunduki ilijaribiwa na aina moja ya baruti, ikapelekwa vitani na aina nyingine, ya punje za duara. Hiyo iliifanya ifyatue kwa kasi kuliko ilivyopangwa na ikaacha masizi mengi. Chemba haikupakwa kromiamu, na kule ni unyevu mtupu, ikawa inashika kutu. Na askari wengine hawakupewa hata vifaa vya kusafishia kwa sababu iliaminika haihitaji sana. Sasa kumbukeni ile habari ya mteremko. Ganda la 5.56 mteremko wake ni mdogo, shikeni muone, limenyooka. Chemba ikiwa na kutu, ganda linang'ang'ania, bolti inarudi nyuma kwa kasi, kucha ya kuchomolea inararua ukingo wa ganda na kuliacha mlemle ndani. Ukiokota ganda lenye ukingo uliomeguka upande mmoja, hiyo ndo dalili, wala usitafute tatizo kwenye magazini. Na dawa pekee pale vitani ni kuingiza ufito wa kusafishia kupitia mdomo wa mtutu ulisukume nyuma, huku unapigwa. Iliripotiwa kwamba wengine walikutwa wamekufa ufito ukiwa ndani ya mtutu. Bunge la Marekani likachunguza 1967, chemba zikapakwa kromiamu, kifaa cha kupunguza kasi kikabadilishwa, vifaa vya usafi vikaja, na ile bunduki ikatulia. Risasi yenyewe haikuwa na kosa.

Mrusi alipoona hiyo naye akapunguza kipenyo, 5.45, AK-74. NATO nao mwaka 1980 wakaipokea 5.56 rasmi, na kina FN na G3 wakaanza kustaafu taratibu.

Mzee Athumani ananiuliza, sasa mbona nimesikia Mmarekani anarudi kwenye risasi kubwa? Ni kweli mzee wangu. 2022 jeshi lao limechagua bunduki ya milimita 6.8, ganda urefu uleule wa 51, na nguvu kubwa. Sababu mbili: fulana za kuzuia risasi zimekuwa ngumu, na kule milimani Afghanistan walikuwa wanapigwa kutoka mbali kuliko 5.56 inavyofika vizuri. Lakini gharama hawajaikwepa. Askari wa 5.56 anatembea na magazini 7 za 30, ni risasi 210. Huyu wa 6.8 ana 7 za 20, ni 140. Mimi siwapingi kuhusu fulana, ila nikiwa mtu wa ghala nasema hivi, siku ya kwanza wakiingia mtaani nyumba kwa nyumba tutasikia malalamiko yaleyale ya M14. Naweza kuwa nimekosea.

Kijana wa saa ananipungia, haya nimemuona. Naomba leso yangu. Ndefu hii hapa, ya SMG hii hapa... ile ndogo iko kwa nani? Hapana jamani, hiyo ndogo. Angalieni chini ya viti.